Kigunduzi cha moshi chenye amerisiamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndani ya kigunduzi hiki mna nini hasa?

Ukitazama nyuma ya kigunduzi cha moshi cha aina hii utaona alama ya mionzi yenye mabawa matatu, na karibu nayo maandishi kama `Am-241` pamoja na kipimo, mara nyingi `37 kBq` au `1 µCi`, au pungufu kidogo ya hapo. Maandishi hayo yanataja amerisiamu, elementi nururifu iliyo katika kipande kidogo cha karatasi ya metali kilichomo ndani. Karatasi hiyo ina tabaka kadhaa: chini ni fedha, katikati ni oksidi ya amerisiamu iliyochanganywa na dhahabu, na juu ni kifuniko chembamba sana cha dhahabu au cha mchanganyiko wa dhahabu na paladiamu. Amerisiamu yenyewe ni takriban theluthi moja ya sehemu ya milioni ya gramu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Kipande hicho kimewekwa ndani ya chemba ndogo yenye matundu ya kuingiza hewa, kati ya elektrodi mbili zilizounganishwa na betri ya volti 9. Kifaa kilichobaki ni saketi ndogo ya elektroniki na king'ora.

Chembe ya alfa hufanya nini inapotoka?

Kipimo cha 37 kBq maana yake ni kwamba kila sekunde viini 37,000 vya amerisiamu vinavunjika. Kila kiini kinapovunjika hurusha chembe moja ya alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana, na chenyewe hubaki kikiwa neptuniamu. Chembe hiyo hutoka na nishati ya takriban elektronivolti milioni 5.5. Katika hewa ya kawaida haisafiri mbali: hukoma baada ya sentimita 4 hivi, kwa sababu njiani inang'oa elektroni kutoka katika molekuli za naitrojeni na oksijeni inazozipita, na kila mara hupoteza nishati kidogo.

Molekuli iliyong'olewa elektroni hubaki na chaji chanya. Elektroni iliyotoka haikai peke yake. Ndani ya muda mfupi mno hunaswa na molekuli ya oksijeni, ambayo nayo sasa ina chaji hasi. Hivyo kila mgongano wa namna hiyo huacha jozi ya ioni. Hewa ambayo kwa kawaida haipitishi umeme sasa ina vibeba-chaji, na elektrodi chanya huvuta ioni hasi huku elektrodi hasi ikivuta ioni chanya. Mwendo huo wa ioni ndio mkondo unaopimwa.

Mkondo huo ni mkubwa kiasi gani?

Tunaweza kuukadiria bila kifaa chochote. Kutengeneza jozi moja ya ioni hewani hugharimu, kwa wastani, elektronivolti 34 hivi. Chembe ya alfa yenye elektronivolti milioni 5.5 ikitumia nishati yake yote hewani itaacha jozi zipatazo 160,000. Kati ya chembe 37,000 za kila sekunde, nusu huelekea upande wa nyuma na kufia katika metali, kwa hiyo zinabaki 18,500. Zidisha kwa 160,000 upate jozi karibu bilioni 3 kwa sekunde, kisha zidisha kwa chaji ya elektroni moja. Jibu ni takriban nusu ya nanoampia, yaani pikoampia 500 hivi, ikiwa kila ioni itafika kwenye elektrodi yake.

Chemba halisi haifiki huko. Sehemu ya nishati hupotea ndani ya kifuniko cha dhahabu kabla chembe haijatoka, chembe nyingi hugonga ukuta wa chemba kabla ya kumaliza safari yake, na baadhi ya ioni hukutana na zile za chaji kinyume zikafutana njiani. Kinachobaki ni makumi ya pikoampia. Tuchukue pikoampia 50 chini ya volti 5: hiyo ni sawa na ukinzani wa omu bilioni 100. Namba hii inafaa kukumbukwa, kwa kuwa inaeleza kwa nini kifaa hiki kinaumizwa na mambo madogo kama alama ya kidole chenye mafuta au unyevu juu ya plastiki. Njia yoyote ya pembeni inayopitisha umeme kidogo tu inaweza kushindana na mkondo wenyewe.

Je, moshi hupunguza mkondo kwa kuziba njia ya chembe za alfa?

Hapana. Maelezo hayo yameenea sana, hata katika masomo ya shule, na yanasikitisha kwa sababu hesabu fupi tu inatosha kuyaondoa.

Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2, sawa na miligramu 1,200,000. Moshi mzito, wa kumfanya mtu asione zaidi ya mita chache mbele yake, unaweza kuwa na miligramu 100 katika ujazo huohuo. Maana yake moshi umeongeza mata iliyomo njiani mwa chembe ya alfa kwa sehemu moja kati ya 12,000. Safari ya sentimita 4 itapungua kwa takriban maikromita 3, ambazo ni pungufu ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Badiliko dogo hivyo haliwezi kuonekana kabisa, nacho kigunduzi kinakuwa kimeshalia zamani, moshi ukiwa bado mwepesi kuliko huo.

Chembe za alfa, basi, zinaendelea kutoka na kuionisha hewa karibu sawasawa na zamani. Kinachobadilika ni yale yanayozipata ioni baada ya kuzaliwa.

Basi kwa nini mkondo unapungua?

Ioni ya hewa ni nyepesi. Ni molekuli moja, au fungu dogo la molekuli zilizoizunguka, na katika uga wa volti 5 kwa sentimita husogea kwa mwendo wa sentimita 7 hivi kwa sekunde. Elektrodi zikiwa umbali wa sentimita moja, ioni inavuka kwa takriban sehemu ya saba ya sekunde. Huo ni muda mfupi, na nyingi hufika salama.

Sasa moshi unaingia. Chembe ya moshi yenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya maikromita ni kitu kidogo mno kwa macho yetu, lakini mbele ya ioni ni jabali. Ioni inayopita karibu hugusana nayo na kukwama juu yake, na chaji yake huhamia kwenye chembe hiyo. Chaji haijapotea, ila sasa imebebwa na mzigo mzito unaosuguana na hewa pande zote. Chembe ya ukubwa huo yenye chaji moja husogea polepole mara elfu kadhaa kuliko ioni. Safari iliyochukua sehemu ya saba ya sekunde sasa ingehitaji kama dakika 12.

Katika dakika hizo 12 mambo mawili yanaweza kutokea, na yote yanapunguza mkondo. La kwanza ni kwamba hewa inayopita polepole ndani ya chemba inaichukua chembe pamoja na chaji yake na kuitoa nje kupitia matundu, kwa hiyo chaji hiyo haifiki kwenye elektrodi. La pili, ambalo ndilo lenye uzito zaidi, ni kwamba chembe iliyobeba chaji chanya inaelea pale ikivuta ioni hasi zinazopita, mpaka moja inatua juu yake na chaji hizo mbili zinafutana. Chembe ya moshi inabaki haina chaji na iko tayari kunasa ioni nyingine. Kwa namna hiyo chembe moja inaweza kufuta ioni nyingi, mara kwa mara, maadamu imo ndani ya chemba.

Kwa ufupi, uzalishaji wa ioni uko palepale, lakini idadi inayofika mwisho wa safari imepungua.

Kama tatizo ni ioni kuchelewa, kwa nini volti haiongezwi ili zivutwe haraka?

Swali hili linagusa kiini cha muundo wa kifaa. Ukiongeza volti katika chemba, mkondo utapanda mpaka mahali ambapo kila ioni inayozaliwa inakusanywa kabla ya kukutana na kitu chochote. Kutoka hapo mkondo hauongezeki tena hata volti ikiongezwa. Chemba za kupimia mionzi maabara hufanywa zifanye kazi katika eneo hilo, kwa sababu pale kinachotakiwa kujulikana ni idadi ya ioni zilizozaliwa.

Kigunduzi cha moshi kinataka kinyume chake. Kinataka ioni zikae njiani kwa muda wa kutosha ili moshi upate nafasi ya kuzinasa. Ndiyo maana uga wa umeme ndani yake umefanywa kuwa dhaifu kwa makusudi, na chemba huachwa ifanye kazi chini ya kile kikomo. Ungeongeza volti mara nyingi, ungepata mkondo mkubwa na thabiti ambao haujali sana moshi, yaani kifaa kisicho na faida kwa kazi yake.

Saketi inatambuaje kupungua kwa mkondo mdogo kiasi hicho?

Njia iliyozoeleka ni kutumia chemba mbili zilizounganishwa mfululizo kwenye betri moja. Ya nje iko wazi kwa hewa ya chumba, na ya ndani imefungwa kiasi kwamba hewa huingia taratibu lakini moshi huchelewa sana kupenya. Chanzo kimoja cha amerisiamu mara nyingi huhudumia zote mbili kupitia tundu. Chemba hizo zinagawana volti 9 kama vikinza viwili. Tuseme katika hewa safi kiungo, yaani mahali chemba hizo mbili zinapoungana, kiko volti 5. Moshi ukiingia chemba ya nje, ioni zake zinanaswa, ukinzani wake unapanda, nayo inajitwalia sehemu kubwa zaidi ya volti. Kiungo kinahama kwa volti moja hivi, na saketi inayolinganisha volti hiyo na kiwango kilichowekwa huwasha king'ora.

Kiungo hicho hakiwezi kusomwa kwa mita ya kawaida ya fundi, kwa kuwa mita yenyewe ingenyonya mkondo mwingi kuliko ule uliopo. Huunganishwa na lango la transista ya athari ya uga, ambalo karibu halivuti mkondo wowote. Katika vifaa vingi mguu huo wa chipu hauchomelewi kwenye ubao, bali hupelekwa moja kwa moja hewani hadi kwenye chemba, ili uchafu wa ubao usifungue njia ya pembeni.

Faida ya chemba mbili ni kwamba mabadiliko yanayozigusa zote kwa pamoja hayahamishi kiungo sana. Mfano mzuri uko kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Katika hewa nyepesi chembe ya alfa hukutana na molekuli chache kabla ya kugonga ukuta wa chemba, hivyo mkondo hupungua bila moshi wowote. Kifaa chenye chemba moja kingeweza kuuchukulia upungufu huo kuwa ni moto. Kwa chemba mbili, mikondo yote inashuka pamoja na mgawanyo wa volti unabaki karibu vilevile.

Kwa nini kinalia ninapokaanga chapati, lakini kinachelewa kulia godoro linapofukuta?

Kwa sababu kigunduzi hiki hakipimi uzito wa moshi wala weusi wake. Mwitikio wake hufuata, kwa makadirio mazuri, idadi ya chembe ikizidishwa kwa kipenyo chake. Chukua miligramu moja ya moshi iliyotawanyika katika mita moja ya ujazo. Ikiwa katika chembe za sehemu ya kumi ya maikromita, utapata karibu chembe milioni 2 katika kila sentimita ya ujazo. Ukubwa ukiwa maikromita nzima, uzito uleule unatoa chembe pungufu mara 1,000. Kipenyo kimeongezeka mara 10 na idadi imepungua mara 1,000, kwa hiyo mwitikio unashuka mara 100.

Moto wa miali, kama wa karatasi au mbao kavu, hutoa chembe ndogo nyingi mno, na hapo kigunduzi cha amerisiamu huwahi. Mafuta ya moto kwenye kikaango, mkate unaochomwa na waya wa hita unaowaka nao hutoa chembe ndogo kwa wingi, nyingi zikiwa hazionekani kwa macho, ndiyo maana watu hulalamika kwamba kimelia pasipo moshi. Kwa kweli chembe zipo. Godoro la sponji au nguo zinazofukuta bila mwali hutoa chembe kubwa zaidi na chache, ambazo humulikwa vizuri na kigunduzi cha aina ya pili, kile kinachotumia mwanga unaotawanywa na moshi.

Kwa maoni yangu, mtu asiweke cha amerisiamu mlangoni mwa jiko. Kitalia mara nyingi mpaka mwenye nyumba atoe betri, na nyumba iliyotolewa betri haina kigunduzi. Karibu na jiko kifaa cha mwanga kinafaa zaidi, na nyumba inayoweza kuwa na aina zote mbili imepata ulinzi wa moto wa namna zote mbili.

Je, kinahisi gesi ya mkaa?

Hakihisi. Monoksidi ya kaboni inayotoka katika jiko la mkaa lililoingizwa chumbani ni gesi, na molekuli za gesi hazinasi ioni na kuzilemea jinsi chembe za moshi zinavyofanya. Mkaa uliokolea unaweza kuwaka karibu bila moshi huku ukijaza chumba gesi inayoua, na kigunduzi hiki kikabaki kimya kwa sababu mkondo wake haujaguswa. Gesi ya kupikia inayovuja hali kadhalika. Kila moja inahitaji kifaa chake.

Kwa nini ikachaguliwa amerisiamu?

Wazo lilianza Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwanafizikia Walter Jaeger alikuwa akijaribu kutengeneza kifaa cha kutambua gesi ya sumu kwa kutumia hewa iliyoionishwa. Gesi haikubadilisha mkondo, lakini alipowasha sigara akaona sindano ya mita inashuka. Vifaa vya kwanza vilitumia radiamu, ambayo hutoa mionzi mikali ya gama na kuzaa gesi nururifu ya radoni.

Amerisiamu ilipatikana mwaka 1944 na kundi la Glenn Seaborg, na baadaye ikaanza kupatikana kwa wingi wa kutosha kutokana na plutoniamu ya vinu vya nyuklia. Hutoa alfa nyingi, gama yake ni hafifu, na nusu-maisha yake ni takriban miaka 432. Maana yake, katika miaka 10 inapungua kwa asilimia 1.6 tu, hivyo mkondo wa msingi hauhitaji kurekebishwa.

Kama amerisiamu inadumu karne nyingi, kwa nini kigunduzi kinaandikiwa miaka 10?

Kinachochakaa ni vitu vingine. Vumbi, mafuta ya jikoni na wadudu wadogo huingia katika chemba ya nje. Vumbi linaloelea hunasa ioni kama moshi, na kifaa huanza kulia ovyo. Uchafu ulioganda juu ya kihami hufungua ile njia ya pembeni niliyoitaja, na kiungo kinaweza kuhamia upande wa usalama, ambapo kifaa hakilii hata penye moshi. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa kuwa halijitangazi.

Mlio mfupi unaorudi kila baada ya sekunde 40 hivi ni ishara ya betri kuisha. Kilio kisichokatika hewa ikiwa safi huashiria vumbi, unyevu au upepo mkali unaopeperusha ioni kutoka katika chemba. Kifyonza-vumbi kikipitishwa kwenye matundu kutoka nje mara nyingi husaidia. Kitufe cha kujaribu, kwa upande wake, hubadilisha volti ndani ya saketi kana kwamba moshi umeingia. Kikilia, umejua kuwa betri, saketi na king'ora ni vizima, lakini hujajua kama matundu yako wazi. Kwa hilo kuna makopo ya erosoli yaliyotengenezwa kwa ajili ya majaribio.

Je, ni hatari kuishi nacho, na nikitupe wapi?

Kikiwa kizima hakina hatari ya maana. Alfa haivuki hata karatasi, wala ngozi ya juu iliyokufa, na gama inayotoka nje ni kidogo sana ikilinganishwa na mionzi ya asili inayotupata sote kutoka ardhini na angani. Hatari ni amerisiamu kuingia mwilini, kwa kuvutwa kama vumbi au kumezwa, kwa maana humo hakuna ngozi iliyokufa ya kuizuia alfa, na chembe zake hukaa muda mrefu katika mifupa na ini. Kwa sababu hiyo usifungue chemba, usikwangue ile karatasi ya metali, wala usikichome pamoja na takataka, kama inavyofanyika katika majalala yetu mengi.

Sheria za kukitupa hutofautiana kwa nchi. Mwenye kimoja nyumbani aanze kwa kumuuliza aliyekiuza kama anavipokea vilivyochakaa. Mwenye jengo la ofisi au hoteli anayeondoa vingi kwa mara moja asivikusanye kwenye jaa, bali awasiliane na mamlaka ya mionzi, ambayo Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki na Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Wakati wa kuwaandikia, nakili kutoka nyuma ya kila kifaa jina la elementi, kipimo cha bekereli na mwaka wa kutengenezwa, na mpaka jibu lije vihifadhi vikiwa vizima katika sanduku kavu mahali ambapo watoto hawafiki.